Nifute emoji zipi, niache zipi?

Shikamoo dada. Nipo dawati la huduma kwa wateja. Nimekabidhiwa jumbe 46 ambazo timu yetu huzituma tena na tena: za kupokea malalamiko, kuomba nyaraka, kutangaza kuchelewa, kukataa maombi, kukumbusha malipo. Zimeandikwa na watu wanne kwa nyakati tofauti. Mmoja humaliza kila sentensi kwa alama tatu za mshangao, mwingine hawezi kuaga bila 🙏, wa tatu huandika kama yuko kijiweni. Bosi anataka emoji zote, mshangao wote na misimu yote iondoke, "ziwe za kiofisi". Nimejaribu kufuta kwenye chache, zikasomeka kama tumenuna. Mwenzangu ananiambia niziache tu, wateja wanazipenda. Tena bosi ameongeza nisafishe na mazungumzo ya zamani ya kundi letu la kazi, kuna mtu mpya anakuja. Nifute kipi, niache kipi, na nifanyeje nisiwe naamua kwa jinsi nilivyoamka?

Msafisha Jumbe

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo jepesi: mazungumzo ya zamani usiyaguse. Ujumbe uliokwisha kutumwa ni kumbukumbu ya nani alisema nini, na emoji ni sehemu ya alichosema. Mwaka 2023 mahakama moja ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyetumiwa picha ya mkataba kwenye simu akajibu kwa 👍 alikuwa ameukubali mkataba huo. Hakupeleka mazao, akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ikaunga mkono uamuzi. Kwenye kundi lenu, 👍 iliyo chini ya "Nani anashika zamu ya Jumamosi?" ndiyo jibu lenyewe. Ukiifuta, zamu haina mwenyewe. Mgeni mwandikie ukurasa mmoja wa mambo mliyokubaliana, kwa lugha safi, na mazungumzo yabaki yalivyo.

Sasa hizo 46. Usizisafishe kwa kufuata orodha, ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukifanya hivyo utaanza ukiwa mkali, utamaliza ukiwa umechoka, na ujumbe wa 40 utapita na makosa yaleyale uliyoyafuta kwenye wa 4. Zimwage zote kwenye jedwali. Safu A weka ujumbe kama ulivyo, na hapo usifute hata nukta. Safu B andika tukio, yaani mteja anapokea ujumbe huu akiwa katika hali gani. Safu C ihesabu alama za mshangao kwa fomula hii:

```
=LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(A2,"!",""))
```

Safu D ndiyo ya ujumbe mpya. Matukio yasizidi manne: habari njema, taarifa tu, ombi letu kwa mteja, na habari mbaya. Malalamiko, kuchelewa, kukataa na deni vyote viingie habari mbaya. Kisha panga jedwali kwa safu B, ufanye fungu zima kwa kikao kimoja.

Nasisitiza tukio kwa sababu ndilo linaloamua alama, wala si mwandishi aliyeiweka. Ukizipanga hivyo utaona amri ya bosi ni sahihi kabisa kwa fungu moja na inavuka mpaka kwenye mengine. Fungu hilo moja ni la habari mbaya. Humo toa vyote bila mjadala. "Samahani, ombi lako halikukubaliwa 😊" ni ujumbe unaomtabasamia mtu aliyekosa alichokiomba. Aliyeiandika alitaka kupunguza uchungu, lakini msomaji anaona mtu anayefurahia. Hata 😢 haifai hapo, kwa kuwa ofisi hailii, na mteja anajua hivyo. Sisi tuna "pole", ambayo humtosha mtu bila kuchorewa machozi.

Kama bosi au mwenzako atataka ushahidi, upo. Ella Glikson na wenzake walichapisha mwaka 2017 majaribio kuhusu sura ya tabasamu kwenye barua pepe rasmi za kazi kati ya watu wasiofahamiana. Tabasamu halikumfanya mwandishi aonekane mchangamfu zaidi, ila lilimfanya aonekane hana uwezo mkubwa wa kazi. Zingatia kwamba walipima watu wanaokutana kwa mara ya kwanza. Hawakusema kwamba mteja mliyezoeana naye miaka mitano atakushusha hadhi kwa tabasamu moja. Jumbe zako lakini ni violezo, na kiolezo hakijui kinamfikia nani, kwa hiyo kiandike kwa ajili ya mgeni.

Mafungu matatu yaliyobaki yanahitaji jaribio, na ni moja tu. Funika alama kwa kidole, usome kilichobaki kwa sauti kana kwamba unamwambia mtu aliyesimama mbele yako. Litatokea moja kati ya mambo matatu.

La kwanza, hakuna kilichobadilika. "Nyaraka zako zimetufikia 🙌✨ Tutakujibu ndani ya siku tatu za kazi!!" Ukifunika 🙌, ✨ na mshangao wote, mteja bado anajua kila alichokijua. Hilo lilikuwa pambo. Futa, weka nukta, endelea. Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa ya namna hii, wala usiifikirie mara mbili.

La pili, habari imepotea. "Fomu ✅ Picha ✅ Kitambulisho ❌" ukiifunika inabaki orodha ya vitu isiyosema lolote. Hapa emoji ilikuwa inafanya kazi ya kitenzi, na ukitaka kuiondoa ni lazima ulete kitenzi: "Tumepokea fomu na picha. Bado hatujapokea nakala ya kitambulisho." Hata ukiamua kuziacha alama hizo kwa sababu zinasomeka haraka, na kwa orodha ndefu mimi ningeziacha, basi neno liwepo pembeni: "✅ Imepokelewa". Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, na programu hiyo hutamka jina la emoji, haitamki ulichokikusudia. Ukimwekea 🎉🎉🎉🎉 anaweza kusomewa jina hilo mara nne kabla ya kufika kwenye sentensi. Na simu ya zamani isiyoijua emoji mpya huonyesha kisanduku kitupu mahali pake.

La tatu ndilo lililokukuta: sentensi imekuwa kavu au kali. "Tuma nakala leo 🙏" imekuwa "Tuma nakala leo." Wengi wakifika hapo huirudisha 🙏 haraka na kusema, unaona, inahitajika. Tazama kitenzi kwanza. "Tuma" ni amri tupu. Ilikuwa amri tangu mwanzo, na 🙏 iliwekwa juu yake kama kitambaa juu ya meza iliyochubuka. Kiswahili kina njia yake ya kuomba ndani ya kitenzi chenyewe, hakihitaji mikono iliyokunjwa: "Tunaomba ututumie nakala ya kitambulisho leo kabla ya saa 10 jioni." Kuomba pamoja na ile -e ya mwisho vimemaliza kazi. Na angalia, ulipokuwa unaitengeneza umelazimika kusema nakala ya nini na mwisho ni saa ngapi, mambo ambayo ujumbe wa kwanza uliyaruka.

Ila usimwage ulaini wote kwenye sentensi moja. "Samahani sana mpendwa mteja, tafadhali tunakuomba kwa unyenyekevu utusaidie kidogo kututumia" ni emoji tano zilizobadilishwa kuwa maneno. Chagua moja: ama "tafadhali tuma", ama "tunaomba utume". "Samahani" ibaki kwa ajili ya kosa tulilolifanya sisi. Ukiitumia kufungulia kila ombi, siku tutakapokosea kweli haitakuwa na uzito.

Kuna kali nyingine ambayo kitenzi cha kuomba hakiiponyi. "Bado hujalipa 🙂" Funika tabasamu: "Bado hujalipa." Hiyo ni shutuma, na tabasamu lilikuwa linaizidisha, kwa kuwa 🙂 hasa, ile ya mdomo uliopinda kidogo, husomwa na wengi kama kejeli. Hapa geuza mtenda. Tunachokijua sisi kwa hakika ni kwamba hatujaona pesa. Kama amelipa au hajalipa, yeye ndiye anayejua. "Hatujaona malipo yako ya mwezi huu. Kama umeshalipa, tunaomba namba ya muamala tuifuatilie." Haina tabasamu wala mshangao, na mteja aliyelipa jana hatakupigia akifoka.

Nimalizie habari ya emoji kwa kukupa zoezi moja la 🙏 peke yake. Tafuta kila ilipo kwenye safu A, na pembeni andika neno inalosimamia hapo. Nina hakika utapata "tafadhali", "asante", "samahani", pengine na "Mungu akujalie", zote kwa alama ileile. Mteja anayepokea jumbe zenu tatu kwa wiki hawezi kujua leo anaombwa au anashukuriwa. Kutofautiana kuhusu maana ya emoji si jambo la jumbe zenu tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba watu hutofautiana hata kuhusu kama emoji fulani ni ya furaha au ya karaha, na tofauti hutokea hata wakitazama mchoro uleule. Huongezeka pale kila kampuni ya simu inapoichora kwa namna yake. Kwa hiyo kama mtaamua kubakiza emoji, zibaki mbili au tatu, kila moja iandikiwe maana yake moja kwenye ukurasa wa mwongozo, na isitokee kwa maana nyingine katika jumbe zote 46. Kulingana kwa jumbe ni huko. Si lazima kila ujumbe uwe na idadi sawa ya alama.

Mshangao sasa. Panga jedwali kwa safu C, kubwa juu, uone wenye saba na wenye sifuri walivyo wa fungu moja. Shida ya "Asante kwa kuwasiliana nasi!!!" haiishii kwenye ujumbe huo. Kesho mteja akipokea "Asante kwa kuwasiliana nasi." kutoka kwa mwenzako mwingine, ataona tumembadilikia, kumbe nukta ile haina ubaya wowote. Mshangao uliozidi mahali pamoja hupoza jumbe zote zilizobaki. Kwa sababu hiyo ukipunguza, punguza fungu zima siku moja na mlianze kulitumia siku moja.

Kanuni yangu ni hii: mshangao mmoja kwa ujumbe, na uwe pale tu ambapo mtu angepaza sauti kwa furaha ya mwenzake. "Hongera! Ombi lako limekubaliwa." "Karibu!" kwa mteja mpya. Basi. Usiuweke baada ya ombi wala amri, maana sarufi yetu hiyohiyo hutumia alama hii kwa amri, na "Lipa kabla ya Ijumaa!" inasikika kama mtu aliyekunyooshea kidole. Usiuweke baada ya "samahani" wala "pole". "Pole sana!" kwa mtu aliyepotelewa na mzigo wake inasikika kama mzaha. Na alama mbili au tatu zikifuatana hazina mahali, hata kwenye hongera. Kwenye sehemu ya kutafuta ya programu yako ya kuandikia, andika `!!` na zote zitajitokeza.

Hofu ya mwenzako kwamba nukta inanuna ina chembe ya ukweli, tusimdharau. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton walitoa utafiti mwishoni mwa mwaka 2015 kuhusu majibu mafupi ya simu, ya neno moja, na yale yaliyoishia kwa nukta yalionekana hayana moyo kuliko yasiyo nayo. Lakini dawa yake si kurudisha mshangao. Dawa ni kutokuwa na kiolezo cha neno moja. "Sawa." inanuna, ndiyo. "Sawa, nimeiona nakala yako na nimeipeleka kwa mkaguzi." hainuni, japo ina nukta ileile, kwa sababu ina habari.

Misimu ndiyo inayotaka umakini zaidi, kwa kuwa huko bosi anaona utovu wa adabu na mimi naona upungufu wa habari. Chukua "Mfumo unazingua leo, tuvumiliane wadau 😅". Mtu atakimbilia kuandika "Mfumo una hitilafu leo, tunaomba uvumilivu wenu." Imekuwa ya kiofisi, na bado mteja hajui kitu. Kuzingua ni nini hapa? Haufunguki kabisa? Unafunguka ila malipo hayapiti? Unachelewa? Nenda kamuulize anayeujua mfumo, kisha uandike: "Leo malipo hayapiti kwenye mfumo wetu. Huduma nyingine zinaendelea. Tutakuandikia malipo yatakapoanza kupita." Vivyo hivyo "tunalishughulikia chap": chap ni dakika kumi au siku mbili? Weka saa au siku. "Nitakucheki": nani atamtafuta, kwa simu au kwa ujumbe, lini? "Ombi lako limepigwa chini": limekataliwa na nani, kwa sababu gani, na anaweza kukata rufaa? Kila msimu unaoufuta ni swali mwandishi alilolikwepa, na usipolijibu utakuwa umebadilisha nguo tu.

Misimu mingine haifichi chochote, na hiyo badilisha neno kwa neno bila kuumiza kichwa: "poa" na "freshi" ziwe "sawa" au "vizuri", "mkuu" na "kiongozi" ziwe jina la mteja. Hizo za kumwita mtu zina hatari ndogo: mwandishi alizoea kuzungumza na wanaume wa rika lake, na kiolezo kitamfikia mama wa miaka 70. Kisha kuna maneno yanayofanana na misimu lakini ni ya kazi, na hayo usiyaguse. Kama wateja wenu huiita namba ya malalamiko "tiketi", iache tiketi. Ukiigeuza "hati ya kumbukumbu ya lalamiko", watapiga simu kuuliza hati hiyo wataipata wapi. Kupima ni rahisi: neno ambalo mteja mwenyewe hulitumia kwenye jumbe zake kwenu ni la kazi. Neno linalotoka kwenu tu, na halirudi kutoka kwake, litilie shaka.

Kabla hujafunga jedwali, uliza ujumbe upi unatumwa kwa njia ipi. Ukitumwa kwa SMS ya kawaida, emoji haina nafasi hata ya kujadiliwa, na sababu ni ya kiufundi. SMS ya herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, ujumbe mzima hubadilishwa usimbaji, yaani namna simu inavyoziandika herufi, na uwezo unashuka hadi 70. Ukumbusho wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu, kwa kuwa SMS ndefu ikikatwa kila kipande hubeba 67. Ofisi inalipia tatu kwa sababu ya 🙏 moja. Na hapa kuna mtego ambao watu wa Kiswahili tunaingia hata tukiwa tumefuta emoji zote: kile kikoma cha juu kwenye "ng’ambo". Ukinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, mara nyingi huja kilichopinda (’), nacho hakimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo kinashusha ujumbe hadi 70 vilevile, isipokuwa kama mtoa huduma wenu anakibadilisha mwenyewe. Kiweke kilichonyooka ('). Kwa jumbe za kupiga soga, emoji zenu mbili au tatu za mwongozo zinaweza kubaki. Kwa barua pepe ya kwanza kwa mteja, zisiwepo.

Sasa uhakiki wa mwisho, ambao wengi huuruka. Mteja hatasoma safu D yako. Atapokea jumbe nne au tano zinazofuatana za shauri lake. Kwa hiyo zitoe kwenye mafungu uzipange kama yeye atakavyozipata. Tuseme shauri la mtu anayedai arudishiwe malipo aliyotozwa mara mbili. Kabla ya usafi zilikuwa hivi:

"Tumekupata mkuu 🙌 tunalishughulikia chap!!"
"Tuma risiti ya muamala 🙏"
"Bado tupo tupo, mambo ni mengi 😅"
"Yes!! Umerudishiwa 🎉🎉 pamoja sana"

Na baada ya usafi:

"Tumepokea malalamiko yako ya kutozwa mara mbili. Pole kwa usumbufu. Tutakujibu ndani ya siku tatu za kazi."
"Ili tuendelee, tunaomba ututumie risiti ya muamala wa pili."
"Siku tatu tulizokuahidi zimepita na uchunguzi haujakamilika. Samahani kwa kuchelewa. Tutakupa jibu kesho kabla ya saa 6 mchana."
"Malipo yako yamerudishwa leo. Asante kwa kutuvumilia!"

Soma hizo nne za pili kwa sauti mfululizo. Pole imetokea mara moja, samahani mara moja pale tulipokosea, mshangao mara moja mwishoni. Huo wa mwisho unasikika kwa sababu haukutanguliwa na mwingine. Ningekuwa wewe ningefikiria kubakiza na 🎉 moja hapo kama ni soga, ili mwenzako naye apate cha kufurahia, na sioni bosi akiikataa akishaona tatu za juu yake. Mpelekee bosi shauri zima namna hii, kabla na baada. Usimpelekee orodha ya emoji zilizofutwa. Ujumbe wa tatu, ule wa 😅, ndio utakaomshawishi: atauona mwenyewe kwamba kicheko cha aibu kilikuwa kimekalia ahadi iliyovunjwa.

Ukishakubaliwa, tahadhari moja kwenye kufuta kwenyewe. Usitumie "tafuta na ubadilishe" kwa emoji moja moja ukidhani umemaliza. 🙏🏾 yenye rangi ya ngozi imeundwa kwa alama mbili, na ukifuta 🙏 peke yake kinabaki kisanduku cha rangi ya kahawia katikati ya sentensi. Anza na zenye rangi, ndipo ufute zisizo na rangi. ❤️ nayo mara nyingi hufuatwa na alama isiyoonekana, na zile za familia au za kazi mbalimbali huwa na viunganishi visivyoonekana ndani yake. Vikibaki, SMS yako itahesabiwa 70 na hutaona kwa nini. Ujumbe uliokuwa na emoji nyingi ni heri uuandike upya kwa mkono kwenye safu D kuliko kuufuta. Kisha ondoa nafasi mbilimbili zilizobaki, na umpe safu D mtu ambaye hajawahi kuiona safu A. Sentensi atakayokuambia "hapa mmemkasirikia nani?" irudie, ukianzia kwenye kitenzi.